Wiki moja ya kupima kama mji wenu una kazi za lojistiki

Mhitimu wa ugavi au usafirishaji anayeishi mji wa mkoani akifungua matangazo ya ajira mtandaoni, karibu nafasi zote anazoziona ziko jiji kuu. Ni rahisi kuamini kwamba mjini kwake hakuna kazi. Lakini kila bidhaa iliyo kwenye rafu za mji huo imeshushwa kutoka kwenye gari, imehesabiwa na mtu, imewekwa mahali, kisha ikatolewa tena kwa karatasi. Kazi zipo. Zinaitwa kwa majina mengine, na nyingi hujazwa kabla tangazo halijaandikwa. Mpango huu wa siku saba, kuanzia Jumatatu, unakuonyesha namna ya kuzihesabu kwa miguu yako na daftari, kisha kupima kama kuna mtu aliye tayari kuzilipia.

Jumatatu: chagua kazi mbili, andika orodha, weka kiwango

Usipime "lojistiki" nzima. Swali likiwa pana hivyo, kila jibu litafaa na hakuna litakalokusaidia. Chagua kazi mbili tu. Kwa mji mdogo tunashauri utunzaji wa stoo, yaani kupokea, kuhesabu, kuhifadhi na kutoa mzigo, pamoja na upangaji wa safari za magari, yaani gari gani liende wapi, na mzigo gani, kwa mafuta kiasi gani. Kazi za forodha ziingize tu kama mji uko mpakani, una bandari, au una kituo cha kutolea mizigo.

Andika majina ambayo kazi hizo mbili hujificha ndani yake. Tajiri wa duka la jumla hatakwambia anahitaji "ofisa lojistiki". Atakwambia anatafuta mtu wa stoo, karani wa ghala, mpokea mizigo, kijana wa kuandika leja, au msimamizi wa magari. Hospitalini kazi hiyohiyo inaweza kuwa ya mtunza bohari. Kwa mkandarasi, ni mtu wa vifaa pale saiti. Ukiuliza kwa jina la shahadani utaambiwa hapana na watu wanaohitaji kazi hiyohiyo ifanyike.

Mchana zunguka uandike sehemu 40 ambako mzigo hushuka au hupakiwa: wasambazaji wa jumla, viwanda vidogo, maghala ya mazao, wasafirishaji, ofisi za vifurushi vya mabasi, bohari za dawa, wauzaji wa vifaa vya ujenzi, mashirika yanayogawa misaada. Soma vibao, na soma pia ubavu wa malori, kwa sababu kampuni nyingi zina ghala lisilo na kibao lakini jina lao limeandikwa kwenye mlango wa gari. Katika hizo 40 chagua 24 zinazoonekana kushughulika zaidi.

Kabla hujalala, andika kiwango utakachotumia kuamua Jumapili. Tunapendekeza hiki, kwa mazungumzo 20 yaliyokamilika. Ukipata nafasi 3 au zaidi za kweli, omba kazi hapohapo mjini. Nafasi zikiwa chini ya 3, lakini biashara 6 au zaidi zikawa na upotevu au ucheleweshaji unaowaumiza, na angalau 1 ikakubali kukulipa kwa jaribio, kuna soko la kazi ya muda kwa biashara kadhaa. Chini ya hapo, mji hauna mahitaji ya kutosha kwa sasa. Namba hizi si sheria, na unaweza kuzibadili leo. Usizibadili Jumapili, kwa sababu siku hiyo utakuwa umeshawapenda baadhi ya watu uliokutana nao na utatafuta sababu ya kuwapa alama.

Jumanne: keti uhesabu magari

Chagua barabara moja inayoingia kwenye eneo la maghala. Hesabu mara tatu: saa 12 hadi saa 2 asubuhi, saa 5 hadi saa 7 mchana, na saa 9 hadi saa 11 jioni. Kwa kila gari la mizigo andika mambo manne: ukubwa wake, limeingia na mzigo au tupu, limesimama wapi, na limekaa dakika ngapi kabla halijaanza kushushwa au kupakiwa.

Kosa kubwa hapa ni kuhesabu magari yanayopita. Mji ulio kwenye barabara kuu unaweza kupitisha mamia ya malori kwa siku na usiwe na kazi hata moja ya stoo, maana yanachoacha ni moshi na pesa ya chakula. Hesabu gari lililosimama na kufungua turubai, basi.

Tazama mwelekeo. Magari yakiingia yamejaa na kutoka matupu, huo ni mji wa usambazaji. Kazi yake ni ya kupokea, kutunza na kupeleka madukani, na huendelea mwaka mzima. Yakiingia matupu na kutoka yamejaa, mji unakusanya mazao au malighafi, na kazi yake hufuata msimu. Kuijua tofauti hii mapema kutakuzuia kushangaa ukiambiwa mahali hapajaajiri tangu mavuno yaliyopita.

Jambo la thamani zaidi utakaloliona ni kusubiri. Lori lililosimama mlangoni kwa muda wa saa 3 bila kuguswa lina maana kwamba mahali fulani ndani hakuna nafasi, hakuna wapakuaji, au hakuna mtu mwenye ruhusa ya kusaini. Mikataba mingi ya usafirishaji humtoza mwenye mzigo gari likikaa kupita muda waliokubaliana, na hata isipomtoza, gari hilo linakosa safari nyingine. Weka alama kwenye kila sehemu uliyoona gari likisubiri zaidi ya saa 1. Kesho utaanzia huko.

Jumatano na Alhamisi: mazungumzo

Hizi ndizo siku zinazobeba wiki, kwa hiyo usizifupishe. Panga kutembelea sehemu 12 kila siku, dakika 15 kila moja. Muda mzuri ni saa 4 hadi saa 6 asubuhi, magari ya kwanza yakiwa yameshaondoka, na tena saa 8 hadi saa 10. Ukifika saa 1 asubuhi watu wanapakia na utafukuzwa kwa haki kabisa. Siku mbili za mwisho wa mwezi ziepuke, kwa kuwa makarani wanafunga hesabu.

Mtafute mtu anayesaini karatasi za mzigo. Mara nyingi si yule aliyeketi ofisi ya mbele. Mlinzi wa geti ndiye anayemjua, na ndiye anayejua pia ni karani yupi aliacha kazi wiki iliyopita. Msalimie vizuri, mweleze ukweli kwamba unatafuta kazi na unataka kujua kazi za stoo zikoje hapa mjini. Usijifanye mtafiti wala mteja. Mji ni mdogo, na uongo wa Jumatano utakutangulia mlangoni Alhamisi.

Maswali yote yahusu yaliyokwisha kutokea. Ukiuliza "Je, mngependa kuwa na mtaalamu wa kusimamia stoo?" utajibiwa ndiyo kwa adabu, na ndiyo hiyo haina uzito. Yaliyopita hayana adabu. Maswali yetu ni matano: Mara ya mwisho mlimchukua mtu wa stoo au wa magari lini? Mlimpataje? Aliyekuwepo kabla yake aliondokaje? Mzigo ukipungua, nani hugundua, na baada ya siku ngapi? Mara ya mwisho mlipohesabu stoo yote ilichukua muda gani na tofauti ilikuwa kiasi gani?

Mazungumzo yanayokwenda vizuri husikika namna hii:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba, kijana. Nikusaidie nini?"
"Natafuta kazi ya stoo, mzee, ila leo sijaja na barua. Nilitaka kuuliza tu, mara ya mwisho mlimchukua mtu wa stoo lini?"
"Huyu wa sasa? Ana miezi minne."
"Na aliyekuwepo kabla yake?"
"Yule tulimwondoa. Mzigo ulikuwa haulingani na daftari, kila mwezi."
"Mlikuwa mnagunduaje, mzee?"
"Mteja anakuja na pesa mkononi, daftari linasema zipo katoni kumi, ukienda nyuma hakuna kitu."

Katika sentensi hizo chache umepata nafasi iliyojazwa miezi 4 iliyopita, sababu ya aliyetangulia kuondoka, na ukweli kwamba biashara hii hugundua upungufu wakati mteja ameshasimama kaunta. Hukumuuliza kama anakuhitaji. Andika maneno yake kama alivyoyasema, nje ya geti, kabla hujafika sehemu inayofuata. Jina lake huna haja nalo.

Shahada usiitangulize. Wenye biashara wengi wanaamini mhitimu atakaa miezi 3 kisha aende jijini, na mara nyingi wamewahi kuachwa hivyo. Akiuliza umesoma nini, mjibu. Asipouliza, zungumzia kuhesabu na kulinganisha karatasi, kwa sababu hicho ndicho anachokijua na kukiogopa.

Jioni kila biashara ipe alama moja kati ya tatu. Nafasi ni pale ulipotajiwa jambo lenye tarehe au mtu: karani anaondoka mwezi ujao, ghala la pili linafunguliwa, gari jipya limekuja na hakuna wa kulisimamia. Maumivu ni pale palipotajwa hasara kwa kiasi au kwa tukio, lakini hakuna mpango wa kuajiri. Maneno ni yaliyobaki yote. "Acha wasifu wako, tutakupigia" ni maneno. "Vijana kama ninyi mnahitajika sana" ni maneno pia, hata kama alikunywesha soda.

Mishahara waulize makarani na madereva, si wenye biashara. Uliza pia jambo ambalo wahitimu wengi hulisahau: stoo ikipungua, nani hulipa? Sehemu nyingine upungufu hukatwa kwenye mshahara wa mtunza stoo. Kazi ya namna hiyo si ya kuipokea bila kuhesabu kila kitu siku ya makabidhiano na kusaini pande zote mbili, la sivyo utalipa upungufu wa aliyekutangulia.

Ijumaa: toa ofa yenye bei

Chukua biashara 5 zenye alama nzito zaidi, nafasi kwanza, kisha maumivu. Rudi uwaambie: nitahesabu bidhaa zenu 20 zinazotoka haraka zaidi, nitazilinganisha na karatasi za siku 30 zilizopita, na nitawaandikia tofauti imetokea wapi. Ni kazi ya nusu siku. Malipo ni sawa na posho ya siku moja ya karani wao.

Usiitoe bure. Msaada wa bure hukubaliwa na karibu kila mtu, kwa hiyo kukubaliwa kwake hakukufundishi chochote kuhusu mahitaji. Malipo, hata yakiwa madogo, humlazimisha mwenye biashara aamue kama tatizo lake lina thamani. Akisema "fanya kwanza nione", mwombe alipe baada ya kuona ripoti, lakini bei itajwe sasa. Akikataa hata hilo, rekodi kukataa na umshukuru.

Jumamosi: jaribio lenyewe

Fika kabla mlango haujafunguliwa, au mkubaliane hakuna kitu kitakachoingia wala kutoka kwa saa 2. Bila hivyo hesabu yako itaharibika kwa namna iliyo ya kawaida kuliko zote: gari limepakiwa usiku, bidhaa haipo stoo, lakini karatasi ya kutoa haijaandikwa. Utaripoti upungufu ambao haupo, na karani ambaye hakuiba kitu atakuchukia. Kwa hiyo swali la kwanza asubuhi ni hili: kuna mzigo wowote uliopakiwa au kupokelewa ambao haujaandikwa?

Hesabu kwanza, ndipo uangalie daftari. Aliyeona kwamba daftari linasema 68 ataziona 68. Katoni zilizopangwa kwa rundo usizihesabu kwa kuzidisha urefu, upana na kimo peke yake. Rundo linaweza kuwa na pengo katikati ambalo kwa mbele halionekani. Panda juu uchungulie, na katoni zilizofunguliwa zihesabu kando.

Tuchukue sabuni ya kufulia, katoni za vipande 24. Kadi ya stoo inaonyesha mwanzo wa siku 30 zilikuwepo 140. Ziliingia 60, kisha 40. Zilitoka 172. Zinapaswa kubaki 68. Umehesabu 61. Ukiwa na Excel kwenye simu, weka za mwanzo safu ya B, jumla ya zilizoingia C, zilizotoka D, ulizohesabu E, kisha:

```
=B2+C2-D2-E2
```

Jibu ni 7, na 7 hiyo bado haijasema chochote. Kazi yako ni kuifuata. Toa karatasi iliyosafiri na mzigo wa 60 uiweke kando ya ankara. Kwenye ankara ni 60, lakini kwenye karatasi ya dereva mpokeaji aliandika kwa kalamu "zimepungua 4" na akasaini. Karani aliingiza kadi kwa kutumia ankara. Kwa hiyo katoni 4 hazikuwahi kufika, na mwenye biashara amelipia mzigo ambao hakuupokea. Zimebaki 3. Uliza kama kuna mauzo ya rejareja. Nyuma ya kaunta kuna maboksi matupu 3 ya sabuni hiyo: zilifunguliwa, zikauzwa kipande kimoja kimoja, pesa ikaingia, kadi haikuguswa. 4 na 3 ni 7. Hakuna aliyeiba. Lakini kuna katoni 4 za kumdai msambazaji, na kuna utaratibu wa kadi unaohitaji kurekebishwa.

Ripoti iwe ukurasa mmoja: bidhaa, tofauti, sababu, na karatasi inayothibitisha. Usiandike neno wizi hata pale ambapo hukupata sababu. Andika "haijapatikana karatasi". Karani msomee kwanza, kabla ya mwenye mali, umpe nafasi ya kuleta karatasi iliyokuwa mfukoni.

Jumapili: soma ulichopata

Huu ni mfano wa matokeo ya kubuni, ili uone namna ya kuyasoma. Sehemu zilizotembelewa ni 24, mazungumzo yaliyokamilika 20. Nafasi 2, maumivu 7, maneno 11. Katika miezi 12, biashara hizo 20 ziliajiri watu 6 wa stoo na magari. Kati ya hao, 5 walichukua mahali pa mtu aliyeondoka, na 1 tu aliletwa na kukua kwa biashara. Mmoja alipatikana kwa tangazo lililobandikwa getini, 5 kwa kuletwa na mtu. Katika ofa 5, biashara 2 zilikubali kulipa, 1 ilitaka bure, 2 zilikataa.

Nafasi 6 kwa miezi 12 ni moja kila baada ya miezi 2, na karibu zote huenda kwa anayefahamika. Anayesubiri tangazo katika mji huu atasubiri sana. Nafasi za kweli ni 2, chini ya kiwango cha 3. Maumivu ni 7, juu ya 6, na waliokubali kulipa ni 2. Kwa kiwango cha Jumatatu, uamuzi ni kazi ya muda: kuhesabu na kulinganisha stoo za biashara 3 au 4, kila moja mara moja au mbili kwa mwezi. Zile nafasi 2 bado ziombwe, tena na mtu ambaye sasa anafahamika getini.

Usizidishe namba hizi kwa biashara 40 za orodha. Ulichagua zenye shughuli nyingi, kwa hiyo 16 zilizobaki huenda zina mahitaji madogo kuliko hizi. Na kama mazungumzo yaliyokamilika ni chini ya 15, usiamue bado. Ongeza siku mbili za kutembea.

Kitu ambacho wiki moja haiwezi kukionyesha ni msimu. Ikiwa Jumanne uliona magari yakitoka yamejaa mazao, rudia hesabu ya barabara na mazungumzo 8 ya maghala ya mazao wiki 3 kabla ya mavuno, wakati ambapo makarani wa msimu wanatafutwa. Tumia saa zilezile, barabara ileile na alama zilezile tatu, uziweke namba mpya kando ya hizi za sasa kwenye daftari hilohilo.